Mama wa Stoo Alipotueleza Kwa Nini Alitukataa

Bado nakisikia kijiko cha yule mama kikigonga kikombe, taratibu, kwenye stoo ya hoteli kule juu ukingoni mwa kreta. Alikoroga chai muda mrefu kabla ya kunijibu.

Kampuni yetu ya Karatu ilikuwa ikiuzia hoteli mboga kutoka mashamba ya Mbulumbulu. Msimu ule mama huyo, ambaye ndiye mnunuzi, alichagua wenzetu wa kampuni nyingine. Bosi alinituma mimi wa kufungasha nikamuulize sababu, kwa kuwa muuzaji akiulizia kazi yake mwenyewe haambiwi ukweli. Mimi nikafurahi. Nilishajiona na ofisi yangu, na kiti cha kuzunguka.

Muuzaji mwenyewe alikuwa dada aliyeniombea kazi kwenye kampuni.

"Bei," mama akasema.

Nilifundishwa nisitetee, nisiuze upya, niulize tu. "Na kama bei zingelingana, mama?"

Kijiko kikasimama. "Mwanangu, wenzenu ni ghali kuliko nyie. Nilimuuliza dada yenu, mvua ikikata barabara mboga zinapitia wapi? Akacheka. Akaniambia, 'Mama, wewe pokea tu.' Mimi nina wageni sitini wanaosubiri kula." Akanywa funda moja. "Ila alicheka kama mtu aliyekatazwa kujibu."

Nilikuwa narekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Nilimwahidi kwamba sauti ni ya kunisaidia kuandika, hakuna mwingine atakayeisikia.

Niliporudi, bosi aliichukua simu na kuifungulia sauti hiyo mbele ya wote, kwenye banda la kufungashia. Ilipofika "wewe pokea tu", akaizima.

"Umesikia, mrembo?" akamwambia dada. "Hoteli nzima umeiuza kwa kicheko. Kesho kauze nyanya sokoni, kule wanapenda vichekesho."

Wengine wakacheka. Dada akanitazama mimi, hakumtazama bosi.

Sentensi ya mama iliyobaki kwenye simu, ile ya mtu aliyekatazwa kujibu, nilikuwa naijua. Kikao kile nilikuwepo, bosi alipowakataza wauzaji kuzungumzia barabara, eti wateja wasiogope. Dada alikuwa ametii. Nilifungua mdomo, bosi akanigeukia: "Na wewe una la kuongeza?"

"Hapana, bosi."

Dada akavua aproni, akaikunja vizuri kama ya kwenda kuuzwa, akatoka. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, "Umefanya kazi nzuri, mdogo wangu." Heri angenizaba kofi.

Kwenye fomu ya ripoti ya safari ile, penye sababu ya kukosa mkataba, bosi alinisimamia nikaandika: muuzaji. Mwandiko wangu mzuri, alisema.

Watu walipotawanyika niliona mabuti ya dada yamebaki chini ya meza, yana tope jekundu mpaka kwenye vifundo. Nikayapeleka bombani. Nikayasugua kwa kijiti, moja baada ya jingine, hadi kwenye mifereji ya soli, kisha nikayaegemeza ukutani yachuje maji.