Miwani Iliyowekwa Amana

Mama alikuwa mshona kofia hapo Wawi, na miwani yake ilipovunjika, kazi ilisimama. Kofia ya harusi ya mtoto wa jirani yetu ilibaki nusu. Duka la Unguja lililokuwa na kipimo cha macho yake liliandika kwamba limetuma miwani mpya kwa rejista, kwa jina la baba. Baba alikuwa Kisiwa Panza akinunua samaki wakavu.

Nilikwenda posta Chake Chake.

"Kifurushi kimepokelewa," karani alisema, bila kuinua kichwa.

"Na nani?"

Aligeuza daftari. Mbele ya jina la baba palikuwa na alama ya dole gumba. "Huyu hapa."

"Dole halina uso, bwana."

"Mtu wa Wawi. Watu wa Wawi huchukuliana mizigo, mimi nifanyeje? Kaulize jirani. Ukikosa, mwandikie aliyetuma. Risiti anayo yeye, na wa kudai ni yeye."

Niliuliza kila mlango. Jirani yetu, mwenye tasbihi ndefu kuliko subira yake, nilimkuta barazani.

"Shehe, hujaona mzigo wetu?"

"Wa mama yako? Sijauona. Na kofia ya kijana wangu vipi? Harusi imefika!"

Nikaandika Unguja. Mwenye duka alijibu kwamba ameipeleka risiti posta na kudai uchunguzi. Miwani nyingine hatumi mpaka apate jibu. Hapo karani, aliyekuwa hakumbuki kitu, alipoulizwa na wakubwa wake alikumbuka kila kitu: mzee, kanzu safi, tasbihi ndefu.

Nikarudi barazani na mama, kajitanda buibui.

"Shehe, dole lako limeonekana posta," nilisema.

Hakushtuka hata kidogo. "Naam. Kiko sandukuni, kimefungwa. Kimeandikwa jina la baba yako. Amana hukabidhiwa mwenyewe, mkononi. Wala haitangazwi."

"Lakini nilikuuliza!"

"Uliuliza wewe. Hakuuliza mwenyewe."

"Miwani ni yangu, Shehe," mama alisema.

"Sikatai, Bi. Lakini jina si lako. Kesho Akhera nitaulizwa."

Watu wa barazani walitikisa vichwa kwa heshima. Hapakosekani wa kumsifu mtu anayelala na macho ya mwenzake sandukuni.

Mama hakubishana. "Umesema kweli. Amana ni jambo zito. Hata kofia uliniagiza wewe, lakini mwenye kichwa ni kijana wako. Nimwekee mpaka aje mwenyewe kuuliza. Yuko wapi?"

"Yuko Unguja! Anarudi siku ya harusi!"

"Basi tumngoje. Nami nitaulizwa."

Mmoja wa waliokuwa wakitikisa vichwa alikohoa kicheko. Shehe alitazama tasbihi, kisha mlango, kisha akaingia ndani. Tukasikia ufunguo. Alitoka na kifurushi, kamba yake haijaguswa, akamwekea mama mkononi.

"Mume na mke ni kitu kimoja," alisema. "Wanavyuoni wamelieleza."

"Lini, Shehe?" mama aliuliza.

Alivaa miwani hapo hapo barazani, akamtazama vizuri, kisha akaenda kushona.