Mama Amepumzika

Simu ilinikuta barabarani kuelekea kijiji cha Mbingu, juu ya pikipiki, begi la dawa mgongoni. Mimi ni nesi wa wagonjwa wasiopona. Kutoka Ifakara tunawafuata majumbani na mofini ya maji, wapate nafuu ya maumivu.

"Shikamoo nesi," alisema binti wa mgonjwa wangu mmoja, mama mkulima wa mpunga ambaye saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. "Mama amepumzika."

Moyo ukaniruka. Kwetu mtu akipumzika, tunatafuta turubai la msiba. "Poleni sana, mwanangu. Amefariki saa ngapi?"

"Hajafa! Amepumzika tu, hata kulia hakulii. Namwita haitikii. Anakoroma kidogo, ananyamaza, anakoroma tena."

Jamani! Nilimwambia dereva wa pikipiki aongeze mwendo, na kwenye simu nikafoka, maana mimi hasira zangu ziko karibu: "Mlaze ubavu! Inua kidevu! Mtingishe, mwambie avute pumzi!"

"Nimwamrishe mama?"

"Mwamrishe!"

Nilipofika, nilimsikia binti kabla sijavua viatu. "Mama, vuta pumzi! Vuta, mama!" Midomo ya mama ilikuwa imeanza kupauka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za ulezi. Kila alipoamriwa, kifua kilipanda. Asipoamriwa, kilitulia, na sisi sote tukatulia kwa woga.

Nilishasoma habari hizi chuoni, lakini siku ile nilishangaa upya. Kwenye neva za ubongo na uti wa mgongo kuna vipokezi, ambavyo Mungu aliviweka kwa ajili ya dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Mofini huja ikaketi palepale. Kwenye uti wa mgongo inazuia habari za mfupa unaouma zisipande zote. Kwenye ubongo, hata habari inayofika haimtesi mtu kama mwanzo. Lakini vipokezi hivyohivyo viko pia kwenye shina la ubongo, panapoendesha pumzi bila sisi kujua. Hewa chafu ikijaa kwenye damu, pale ndipo panaposhtuka na kusema vuta. Mofini ikizidi, pale panalewa, hapashtuki tena. Mama alikuwa anasahau kupumua, ila akili ya juu ilikuwa bado inasikia sauti ya mwanawe na kutii.

Nilichanganya nalokisoni kwenye maji ya chumvi, nikaipitisha kwenye mshipa kidogo kidogo. Hii nayo hukalia vipokezi vilevile, ikaisukuma mofini pembeni, lakini yenyewe haifanyi kitu. Ukiimwaga yote kwa pupa unamrudishia mgonjwa maumivu yote kwa mkupuo. Haraka haraka haina baraka. Nikasukuma, nikangoja, nikasukuma.

Kifua kikapanda chenyewe. Kikapanda tena! Loo, nilitokwa machozi mbele za watu, na sikuona aibu.

Mama akafumbua jicho. "Mbona mnanipigia kelele?"

Ndipo yakajulikana. Alfajiri binti alimpa mama dozi yake kwa bomba la kupimia nililomwachia. Baadaye akaja shangazi yake kutoka Malinyi. Akamsikia wifi yake akiguna, akaona tone lile haliwezi kumsaidia mtu mzima, akamnywesha vijiko viwili vya kulia wali, vimejaa. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini, kitenge mdomoni. Nilijiandaa kumgombeza, nikashindwa. Alifanya vile kwa upendo.

Sikuondoka. Nalokisoni huisha mwilini kabla ya mofini, na usingizi ule unaweza kurudi. Niliiongeza mara moja zaidi. Jioni mofini nayo ikaisha, na mifupa ikaanza kumla mama. Akauma shuka. Nikamwita binti alete chupa ya mofini.

"Siigusi," akasema. "Nesi, nitamuua mama yangu."

"Kipimo chake hakimuui. Kilichozidi ndicho kilichotaka kumchukua."

"Mpe wewe!"

Ningempa, lakini kesho nisingekuwepo, na wao wangemwacha mama alie hadi mwisho. Nikakataa, na roho ikaniuma.

Mama akanyoosha mkono. "Mwanangu, nimechoka kulia. Nilikunyonyesha bila kuogopa. Ninyweshe."

Binti akavuta dawa kwa bomba, akanionyesha mstari. Nikaitikia kwa kichwa. Akammiminia mama taratibu shavuni, kisha akaweka kiganja kifuani pake, hataki kukitoa. Tulikaa hivyo muda. Paji la uso la mama likakunjuka, akasinzia. Kifua kikawa kinapanda na kushuka bila kuamriwa na mtu.

"Nesi," binti akaninong'oneza, "anavuta mwenyewe."