Visanduku Kwenye Ubao

Katika ofisi yetu ndogo ya mtaa wa Kisugu hatukufuta neno la mtu ubaoni akiwa amekaa pale pale. Wazo likikataliwa, tulilizungushia kisanduku, mwenyewe akalitazama bila aibu, kikao kikaendelea. Mimi Mkenya ndiye niliyeshika kalamu ya ubao, na desturi hiyo nilifundishwa na akina mama wa Kikongo tuliokuwa tukiwaandalia darasa la ushonaji.

Siku ya kupanga darasa hilo ubao ulijaa hadi pembeni. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima anayeheshimiwa, alitaka darasa liwe asubuhi. Mama mmoja muuza vitenge akapinga kwa upole. Asubuhi ndipo anapopanda kilima cha Mbuya kuuza nyumba kwa nyumba, na mchana ndipo binti yake mkubwa hurudi kutoka shuleni amshike mtoto mchanga. Wengi walikuwa hivyo hivyo. Tukakubaliana mchana. Nikachora mshale kutoka "darasa" hadi "mchana", na "asubuhi" nikaizungushia kisanduku.

Mratibu wetu mpya, kijana wa mtaa wa Naguru mwenye viatu vinavyong'aa, aliingia watu wakiwa wanaaga. Akapiga picha ya ubao kwa simu, akachukua kitambaa, akafuta wote. Nilimwambia nitauandika muhtasari mimi kwa kuwa nilikuwepo. Akasema nisijisumbue.

Kesho yake aliniletea karatasi huku akitabasamu. Kweli ilipendeza: vichwa vya wino mzito, nukta zimepangwa chini yake. Kichwa cha kwanza: Darasa la Asubuhi. Cha pili: Ada ya Kujiunga, nayo tuliikataa. Kila tulichokifungia kisanduku, yeye alikipandisha kuwa kichwa. "Mchana" ilikuwa nukta moja chini kabisa, chini ya Mengineyo. Na pale kwenye kona ambako mwanga wa taa ulikuwa umeunguza picha, hata herufi moja haisomeki, ameandika "kujenga uwezo wa jamii". Hakuna mtu chumbani aliyetamka maneno hayo.

Nikamuuliza kwa nini hakuuliza. Akasema, akiniita mama kwa Kiganda, "Nyabo, lakini iko safi. Na wafadhili nimewatumia tayari."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na siyajutii.

Nikamwita yule mama wa vitenge. Tukaikuza picha kwenye kompyuta. Kwanza nilinakili kila neno kama lilivyo, bila kupamba. Kisha nikafuata mishale: yaliyounganishwa nikayaweka pamoja, kila kundi nikalipa kichwa kutokana na maneno yaliyokuwa ubaoni. Saa za Darasa. Watoto. Vyerehani. Chini yake nukta, moja kwa kila jambo, na yaliyojirudia nikayafanya moja. Kwenye kona iliyoungua niliandika "haisomeki" mpaka mama akakumbuka: pale palikuwa na mkeka wa watoto, kwa siku ambayo mtu hana wa kumwachia. Nikalifuta lile "haisomeki", nikauweka mkeka chini ya Watoto. Ya visanduku nikayapa kichwa chake mwishoni, Tuliyoyaacha, maana mama hakutaka yapotee.

Nikamwonyesha ile karatasi ya mratibu. Akaitazama kwa muda, kidole kikiwa juu ya lile neno asubuhi.

"Ile tulifunga kwa heshima," akasema. "Sasa yeye ameifanya kuwa mlango."

Muhtasari wetu ulikwenda kwa wafadhili na barua ya kuomba radhi niliyoiandika mimi, si aliyekosea. Jibu likaja la adabu nyingi. Walishaidhinisha ule wa kwanza, mwalimu ameshaajiriwa kwa asubuhi, tuwasilishe mabadiliko katika mpango ujao. Mratibu alinisomea kwa sauti kana kwamba ni habari njema. Mpaka leo nikiona muhtasari uliopangwa vizuri mno, natafuta kwanza nani alikuwepo chumbani.

Asubuhi ya kwanza ya darasa, vyerehani vilikuwa vimepangwa, mwalimu amekaa, viti vitupu. Mratibu alisimama nami mlangoni, simu mkononi tayari kwa picha, akilalamika kwamba hawa akina mama hawako siriasi, mtu anawatafutia msaada halafu hawatokei.

Yule mama akatokea barabarani, furushi la vitenge kichwani, mtoto mgongoni. Alinisalimia kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama kawaida yake, akauliza kama tumeamka salama. Akakitazama chumba kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mashine ni nzuri," akasema, akaendelea na njia yake ya Mbuya.

Mratibu akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni mchana, ile nukta yake ya chini kabisa.