Baba Wawili wa Faiza

Ukishuka Voi na usiulize mahamri ya Mwanamina, wewe hujafika Voi, umepita tu. Nenda Kaloleni, fuata harufu ya iliki. Mwanamke mweusi mrefu, leso kiunoni, anasukuma unga huku anakutukana kwa upole kwa sababu umechelewa na yamekwisha. Mombasa wanajidai, lakini hamri la kufura hivyo hawana. Mimi sisemi kwa kuwa ni jirani. Nasema kwa kuwa ni kweli.

Lakini mahamri siyo sababu ya kumwongelea. Sababu ni Faiza, mtoto wake wa pekee.

Faiza alianza kuanguka kifafa kabla hajafunga mwaka. Dawa alipewa za kila rangi, kifafa kikawa kama mgeni aliyezoea nyumba. Kufika miaka minne alikuwa anatembea kama mlevi wa mnazi na maneno yake unayahesabu kwa vidole. Madaktari kila mmoja na jina lake la ugonjwa. Mama mkwe naye alikuwa na lake moja.

"Jini," alisema. "Na limetoka kwa kina Mwanamina. Kwetu hakuna."

Mwanamina alifanya kazi yake ya kuangalia. Aliona kwamba Faiza huzidiwa asubuhi kabla hajala, na akishakunywa chai na hamri anachangamka kidogo. Alimwambia kila daktari hivyo, na kila daktari aliandika, akafunga faili.

Mpaka siku alipomkuta Daktari Kavinya, mtaalamu wa jeni, ambaye huja kliniki ya watoto pale mjini mara moja kwa mwezi. Huyu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wako kwenye mradi wa utafiti, watapima jeni za Faiza, za mama na za baba, wote watatu kwa pamoja, bila malipo.

Mwanamina akarudi nyumbani na habari. "Daktari amesema huenda ni jeni."

"Si nilisema!" mama mkwe akapiga mkono pajani. "Jini!"

"Jeni, mama. Je."

"Je ama ji, si ndugu hao?"

Siku ya kutoa damu, mumewe Ridha alikuwa na lori upande wa Malaba, hana habari ya kurudi. Aliyewapeleka kliniki ni Mwinyihaji, mdogo wake Ridha, fundi wa pikipiki, mtu wa maneno mengi kuliko spana zake. Faiza akachomwa, akalia mpaka akashikwa na kifafa. Mwanamina yuko chini anamgeuza mtoto alale ubavu, na nesi Tryphena, mlangoni, anauliza, "Mama Faiza, baba yupo?"

"Yupo nje," akajibu bila kugeuka. Kwao Faiza anamwita Ridha baba, na Mwinyihaji anamwita baba. Neno "mdogo" linatajwa tu wakigombana.

Tryphena akatoka. "Wewe ndiye baba Faiza?"

"Mimi hasa," akasema Mwinyihaji, akakunja shati. Jina la mwisho ni lile lile la mtoto. Akaweka sahihi, akanyoosha mkono kama askari.

Damu ikaenda maabara Nairobi. Wiki zikapita, nyingi. Halafu simu: Mwanamina aje kliniki, na aje peke yake.

Hilo neno "peke yake" lilimtoa jasho njia nzima. Mama mkwe alilisikia pia. Akakohoa kile kikohozi chake cha kushuku.

Daktari Kavinya alifunga mlango. "Mama Faiza, kwanza nikueleze tunavyofanya. Tumesoma sehemu za jeni zinazotoa maagizo ya kuujenga mwili. Kila mtu ana maelfu ya herufi zinazotofautiana na za wenzake, na nyingi hazina neno. Kwa hivyo tunachuja. Unajua kuchuja?"

"Daktari, mimi nachuja tui kila siku ya Mungu."

"Basi. Tofauti ambayo Faiza anayo na wewe unayo, tunaitoa. Aliyonayo baba, tunaitoa. Ambayo mashine imeisoma vibaya, tunaitoa. Inayopatikana kwa watu wengi wazima, toka. Tunaangalia pia kama nyinyi wazazi mmesomwa vizuri pale pale, isije ikawa mnayo ila haikuonekana. Zile za kurithiwa pande zote mbili tunazitazama kando. Mwisho, kwenye chujio la mpya kabisa, ambayo wewe huna na baba hana, kawaida inabaki moja, mbili, au hamna."

"Na kwa Faiza?"

"Zaidi ya mia."

Hata Mwanamina alijua: tui likitoka na machicha yote, chujio limetoboka.

"Mtoto wa kawaida hawezi kuwa na mpya mia," daktari akaendelea polepole. "Tukapima undugu. Wewe na Faiza mnashirikiana nusu, sawasawa, wewe ni mamake. Lakini aliyeandikwa baba, yeye na Faiza ni robo tu."

Damu ikampanda Mwanamina mpaka masikioni. Alimwona mama mkwe akilini, akaona mlango wa nyumba yake unafungwa akiwa nje na mtoto mgongoni.

"Daktari, wallahi mimi sijamjua mwanamume mwingine ila Ridha!"

"Sijasema hivyo, mama. Robo si mtu baki. Robo ni babu, au ndugu wa mzazi. Ndiyo nauliza kabla sijadhani chochote: siku ile aliyetoa damu ni nani?"

"Babake."

"Aliyemzaa?"

Mwanamina akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chini ya lori, machozi yanatiririka.

"Ni Mwinyihaji! Baba mdogo! Yarabi, nyinyi mlitaka baba wa kuzaa, sisi tukawapa baba wa nyumbani!"

Daktari Kavinya naye akashika kichwa. "Kosa ni letu kuuliza nusu," akasema.

Ridha aliporudi alipelekwa kliniki kutoa damu kabla hajanawa vumbi. Mwinyihaji akasimama mlangoni kwa uchungu. "Kaka, damu yangu wameikataa. Wamesema ni kali mno."

"Wamesema ni robo," Ridha akamjibu. "Hata akili yako tulijua ni hiyo."

Wakachuja upya. Zile mia zikaanguka, zikarudi kwa mwenyewe, babake. Ikabaki moja. Wakairudia kuipima kwa njia nyingine, ipo kweli: herufi moja iliyobadilika kwa Faiza, wazazi wote hawana. Iko kwenye jeni inayotengeneza mlango wa kupitishia sukari ubongoni. Ubongo wa mtoto ulikuwa unashinda njaa, na njaa ya asubuhi ndiyo kali. Lile aliloliona Mwanamina miaka yote lilikuwa na jina.

"Haikutoka kwenu wala kwao," daktari aliwaambia mbele ya mama mkwe. "Imeanza kwa Faiza. Na mkizaa mwingine, uwezekano wa kurudi ni mdogo sana, ingawa si sifuri."

Mama mkwe akafikiri. "Kwa hiyo hili jini ni la papo hapo."

Dawa yake ni chakula: mafuta mengi, wanga kidogo sana, ubongo upate moto mwingine badala ya sukari. Faiza alilazwa, akaanzishwa taratibu na mtaalamu wa lishe. Leo Mwanamina anapima mayai, parachichi la Wundanyi na tui zito kwenye mizani ndogo, gramu kwa gramu, huku karai la mahamri linachemka pembeni kwa ajili ya watu wengine. Mwanamke anayelisha mji mzima mahamri, na mwanawe haonji hata pembe moja. Nionyeshe mwingine mwenye moyo huo.

Kifafa hakijaisha chote, lakini kinaweza kupita wiki bila kubisha hodi. Juzi Faiza alitembea mpaka gereji ya Mwinyihaji bila kushikwa mkono, akasimama mbele ya pikipiki, akaita, "Baba!"

"Robo!" Mwinyihaji akaitika, akatupa spana, akambeba.