Ukuta Uliofanya Tumbo

Manasseh alikuwa fundi wa kujisifu, na wacha ajisifu, kwa sababu huko Birongo kuta alizojenga zilikuwa zimenyooka hata kabla ya kupigwa plasta. Alikuwa na sheria zake. Simiti katikati ya bloku na bloku isizidi unene wa kidole. Uzi ukishafungwa kona kwa kona, bloku isiuguse kamwe, ibaki nafasi ndogo ya mwangaza. Bloku moja ikiusukuma uzi, inayofuata inaufuata uzi uliosukumwa, na ukuta unaota tumbo bila mtu kujua.

Basi Ijumaa hiyo sheria zote zilikwenda na maji. Walikuwa wakijenga darasa la watoto kando ya kanisa lao la Kisabato, yeye na Joash, fundi mwenzake. Manasseh, shemasi mzima, alikuwa amewaahidi wazee wa kanisa kwamba Sabato itakuta ukuta wa mbele umefika juu ya madirisha. Jua likizama ni Sabato, na hakuna mwiko unaoshikwa. Kwa hiyo walipandisha mistari mingi siku moja, juu ya simiti ambayo bado ilikuwa mbichi. Kona ya Joash ilikuwa imebaki chini, naye akaifidia kwa kumwaga simiti nene, vidole vitatu vizima, mpaka katikati ya ukuta. Manasseh aliona. Akanyamaza! Mtu aliyewahi kumfukuza kibarua kwa kosa dogo kuliko hilo.

Joash alipoenda kuosha vifaa, Manasseh akabaki na uzi wake. Akaufunga upya kutoka kona hadi kona, na kila kona akaweka kipande cha mbao chenye unene wa dole gumba, ili uzi usimame mbali na ukuta. Kipande cha tatu, sawa na hivyo viwili, akakipitisha nyuma ya uzi kuupima ukuta wote. Mwanzoni kilipita vizuri. Kuelekea katikati kikabana, kisha kikakataa kabisa. Hapo uzi wenyewe ulikuwa umelalia bloku.

Kuubomoa ukuta kulimaanisha kufanya kazi Sabato ikiingia, na kukiri mbele ya wazee kwamba Manasseh naye hukosea. Akajiambia kwamba Jumapili atakuja mapema atengeneze. Akaukunja uzi, akaenda nyumbani kuoga.

Usiku ule mvua ilinyesha ile ya Kisii, isiyo na haraka ya kwisha. Manasseh alilala macho wazi akiisikia ikipiga mabati, akijua ni wapi kwingine inapiga, na simiti ile nene inavyolainika. Mkewe alimuuliza kama ni mgonjwa. Akasema ni mgongo tu.

Asubuhi jua likatoka zuri, na kanisa likajaa. Mwalimu Eucabeth, aliyefundisha darasa la watoto, aliona nje kuna baridi ya upepo, akapanga mabenchi kwenye ukuta mpya ili uwakinge. Watoto waliegemeza migongo yao pale pale kwenye tumbo. Kupitia dirisha la kanisa Manasseh aliwaona wakiimba, na chini ya mstari wa Joash akaona maji ya kijivu yakichuruzika. Mhubiri alikuwa katikati ya neno. Manasseh aliinuka na suti yake, akatoka, watu wakageuka kumtazama.

“Mwalimu, hamisha watoto. Sasa hivi.”

Eucabeth aliuliza kuna nini. Manasseh akaanza kuwanyanyua mwenyewe, wawili wawili, hata wale waliolia, mpaka benchi zikabaki tupu. Kisha akazunguka upande wa ndani, akachukua nguzo ndefu ya jukwaa la ujenzi, akasimama mbali. Alijua uzito wa ukuta wa bloku, akajiandaa kusukuma kwa nguvu zote. Wazee walikuwa wameshatoka nje, mmoja akimkumbusha kwa sauti kwamba leo ni Sabato.

Aliigusisha tu nguzo. Hakuwa amesukuma bado. Tumbo likafunguka na ukuta wote wa katikati ukaenda chini kwa mlio mzito, bloku zikavunja mabenchi vipande vipande.

Manasseh akaiachia nguzo. Mzee yule aliyemkemea akavua kofia, akaanza kusema kwamba Mungu amemtumia shemasi wetu, kwamba ni muujiza, na watu wakaanza kuitikia amina. Eucabeth hakuitikia. Alikuwa amemkumbatia mtoto wake wa mwisho, akiutazama uzi uliochungulia kwenye mfuko wa suti ya Manasseh, ambao mkono wake ulikuwa umeuchukua asubuhi bila yeye kufikiri.

“Ulijua tangu lini?” akamuuliza.

Amina zikanyamaza.

“Tangu jana,” Manasseh akasema. “Kabla jua halijazama.”