Mstari wa Milioni

Zilianza simu. Nilikuwa nimewapa mgongo Kidato cha Pili, naandika ubaoni, nikasikia kupitia ukuta wa ofisi ya walimu mlio mmoja mfupi, kisha mwingine, kisha yote kwa pamoja, ndani ya mikoba, kwenye mifuko ya mashati, juu ya mbao za meza. Ukuta ulitetemeka kama umebeba mzinga wa nyuki. Hakuna aliyehitaji kuona kitu.

"Madam, umeingia," sauti ikasema kutoka nyuma, na darasa zima likacheka.

Ulikuwa mshahara wa Julai, wa kwanza wenye nyongeza. Tulikuwa tumeungoja tangu ulipotangazwa, ila hatukuwa peke yetu. Soko la Mwanga liliungoja pia. Mawese yalipanda, dagaa wakapanda, unga ukapanda, na wenye nyumba wa Katubuka walipita mlango kwa mlango wakiuliza hali zetu kwa upole ambao haukuwa wa kawaida, halafu wakataja kodi mpya. Nyongeza ilikuwa imeshaliwa kabla haijapikwa.

Kipindi kilipoisha nikaingia ofisini. Nilitarajia kelele. Nilikuta watu wameinamia simu zao, na hewa nzito ya wakati wa kiangazi, vumbi jekundu juu ya madaftari, upepo wa ziwa ukigonga mabati. Mwalimu wa Jiografia alikuwa ameshika hati yake ya mshahara, aliyoichapisha kwa mkuu. Kati yetu ambao hatujavuka, yeye ndiye aliyekuwa amekaribia zaidi mstari ambao sisi wengine tuliuona kwa mbali: mshahara wake ulikuwa chini kidogo ya milioni moja. Sasa ulikuwa umevuka.

"Laki nzima wameniongeza," alisema, bila kumtazama mtu. "Kilichofika benki ni elfu sitini na tano."

"Thelathini na tano imekwenda wapi?" akauliza kijana wa Fizikia, aliyeajiriwa mwaka mmoja na mimi.

"Pensheni, bima, chama. Kubwa lao ni kodi. Ishirini na tano peke yake."

"Si ndiyo hiyo, dada. Ukivuka milioni wanakata mshahara wote asilimia thelathini. Bora ungekataa."

Mwalimu wa Hisabati akacheka kwenye kona yake. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mtu mzima, hodari, mwenye ulimi ambao wanafunzi waliuogopa kuliko fimbo. Pia ndiye aliyekuwa mwekahazina wa mfuko wetu wa kufa na kuzikana. "Na wewe ni wa Fizikia," alisema. "Hawakati wote, bwana. Kila tabaka lina kiwango chake. Kinachokatwa thelathini ni kile kipande kilichopita mstari tu, tena baada ya kutoa pensheni. Cha chini kinabaki na viwango vyake vya chini. Hakuna anayepungukiwa kwa kuvuka."

"Hakuna anayepungukiwa kwenye karatasi," alisema mwalimu wa Jiografia. "Sokoni?"

"Soko halinihusu."

"Vitu vimepanda kama mshahara ulivyopanda. Kama wangepandisha na ile mistari ya kodi, ningebaki nilipokuwa. Mistari haijasogea miaka yote hii. Mimi nimesukumwa juu yake, lakini kikapu changu ni kilekile, tena kimepungua."

Mwalimu wa Hisabati alitazama saa ya ukutani akatukumbusha kwamba alasiri kulikuwa na kikao cha mfuko, na kwamba ajenda ya kwanza ilimhusu mtu fulani.

Lazima niueleze mfuko ule, kwa sababu nimekulia mikoani, kwa wazazi watumishi wa kuhamishwahamishwa, na najua uzito wake. Mwalimu akifiwa na mzazi, mwenza au mtoto, mfuko unalipa sanda au jeneza na, zaidi ya yote, gari la kuupeleka mwili kwao, hata kama kwao ni mwisho mwingine wa nchi. Kwa wenyeji ni jambo dogo. Wanazika nyuma ya nyumba zao. Kwa waliopangiwa kazi hapa kutoka mbali, mfuko ndio njia ya kurudi nyumbani. Mwalimu wa Jiografia alikuwa mtu wa Songea. Mama yake aliletwa kwake baada ya kiharusi, akalala upande mmoja katika chumba chenye dirisha dogo Katubuka, na kila nilipokwenda kumjulia hali alinishika mkono kwa ule wake mzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, njia ya Songea inapitika?"

"Inapitika, bibi."

"Basi. Marehemu mume wangu ameniachia nafasi kando ya kaburi lake."

Hakuwahi kuniuliza jambo lingine.

Michango ya mfuko ilikuwa na ngazi mbili, zilizowekwa wakati shule inafunguliwa. Mwenye mshahara chini ya milioni alilipa elfu ishirini kwa mwezi. Mwenye milioni na zaidi, elfu arobaini. Wakati huo milioni ilikuwa mshahara wa wakubwa. Waliouvuka walikuwa mkuu wa shule na mwalimu wa Hisabati tu. Mstari ule uliandikwa kwa ajili yao, na ulibaki palepale.

Kikao kilianza jua likiwa bado kali. Mwekahazina alitusalimu kwa Kiha, "Mwiriwe," kama alivyofanya kila alipotaka wageni wakumbuke kwamba ni wageni. Mimi nilikuwa katibu. Mkuu, mwenyekiti wetu, alikaa mbele, mikono juu ya tumbo, akiombea kikao kiwe kifupi.

"Mwenzetu amevuka milioni," mwekahazina alisema. "Tunampongeza. Kuanzia leo ni elfu arobaini. Utaratibu ni uleule: asiyelipa ngazi yake si mwanachama."

Mwalimu wa Jiografia alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha bluu iliyokolea. "Naomba mstari usogezwe. Uende milioni na laki mbili, angalau. Sikupanda cheo. Nimeongezwa kile kilicholiwa na bei."

"Kila anayevuka anasema hivyo."

"Wewe asubuhi umetufundisha kwamba kodi inakata kipande kilichopita tu. Mimi nimepita kwa elfu themanini. Serikali imekata thelathini kwenye kipande, sawa, inauma. Ninyi mnanipandishia mchango wote mara mbili kwa kipande hichohicho. Kati yenu na kodi, mkali ni nani?"

Watu walicheka, kicheko kibaya chenye meno. Mwekahazina aliona haya, na haya zake ziligeuka hasira palepale.

"Mimi nimelipa arobaini miaka yote. Nani alinililia? Nani alisema mzee huyu ana watoto chuoni? Leo wewe umefika, mstari uhame! Kwa nini? Kwa sababu umetoka Songea?"

"Sikuitaja Songea, mwalimu."

"Umekuja nayo."

"Mkuu," mwalimu wa Jiografia alimgeukia mwenyekiti, "nyote mmefika Bangwe. Kila mwaka nawapeleka watoto pale. Mnazijua nyumba zilizoingiwa na maji. Zilijengwa nchi kavu, mbali na ziwa. Nyumba hazikusogea hata hatua. Ziwa ndilo lilipanda. Sasa nenda kamwambie mwenye nyumba ile kwamba amehamia majini kwa kiburi chake."

Nilidhani ameshinda. Hata kijana wa Fizikia aliacha kuchezea simu. Nami nilikuwa chini ya mstari, lakini nilihesabu kimoyomoyo: nyongeza mbili nyingine, pengine tatu, bei zikiendelea kupanda, na wote mle ndani tungekuwa tumesukumwa hadi pale alipokuwa amesimama.

Mwekahazina alijua watu kuliko sisi. Akashusha sauti.

"Haya. Tusogeze. Mfuko utapungua, na misiba haipungui. Pengo lazima lizibwe. Kwa hiyo kila aliye chini ya mstari ataongeza elfu tano. Anayetaka anyooshe mkono."

Niliuona uso wa kila mmoja ukijifunga. Tulikuwa tumetoka kulalamika asubuhi nzima kwamba wakubwa hawataki kusogeza mistari ya kodi, na sasa tulikuwa na mstari wetu wenyewe, mdogo, ambao mkono tu ulitosha kuusogeza. Mkono wangu ulinyooka. Wa mwalimu wa Jiografia ulinyooka. Wa tatu haukuwepo.

"Dada, si unajua hali," alinong'ona kijana wa Fizikia. "Elfu tano ni vocha yangu."

"Dada yenu ana milioni," mtu akasema nyuma. "Anatulilia sisi wa laki saba!"

"Milioni!" akasema mwalimu wa Jiografia, na hapo sauti yake ilipasuka. "Mnaijua milioni yangu? Mwenye nyumba ameongeza thelathini. Binti anayemgeuza mama yangu kitandani ameomba aongezwe, na ana haki, kwa sababu naye ananunua dagaa walewale. Nikimwongeza, hakuna kinachobaki. Nikiwapa ninyi ishirini zaidi, binti anaondoka. Nani atamgeuza mama? Wewe? Utakuja, mwalimu, umwoshe, kabla ya kipindi cha kwanza?"

"Usitutukane."

"Nauliza. Ama nimlipie mama akiwa hai, ama nimlipie akiwa maiti. Nichagulieni."

Mkuu alikohoa. Alisema utaratibu ni utaratibu. Alisema, bila kumwangalia, kwamba mtu anaweza kujitoa kwa hiari, na akijitoa hakuna kinyongo, ila harudishiwi alichochanga, na siku ya msiba tutakwenda kumpa pole kama binadamu.

Nje, upepo ulivuta karatasi uwanjani. Mwalimu wa Jiografia alikunja hati yake ya mshahara ikawa ndogo, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Katibu, andika. Nimejitoa."

"Na mama?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Nimeshaongea naye jana. Amesema haina haja ya Songea. Amesema hata hapa patamfaa, anapenda upepo wa ziwa."

Alinitazama aliposema hivyo, macho kwa macho, akinizuia nisiseme neno. Juzi tu nilikuwa nimekaa kando ya kitanda kile, na swali lilikuwa lilelile, na mkono mzima ulinishika kwa nguvu zilezile. Bibi hajawahi kuliona ziwa. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

"Imeandikwa?" mwekahazina akaniuliza.

Nikaandika.

Mwalimu wa Jiografia alipita kati ya meza zetu, na watu walivuta miguu yao ili kitenge kisiwaguse. Mlango wa ofisi ile ulikuwa umevimba na ulikwaruza sakafu. Kuufunga kulihitaji kuuinua. Aliuacha wazi. Vumbi likaingia, jekundu, likatua juu ya meza ya mkuu.

"Ajenda ya pili," alisema mwekahazina, akainuka, akaenda, akauinua mlango kwa mikono yote miwili, akaufunga nyuma ya yule aliyetoka.