Kodi ya Kiwanja cha Marehemu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kumkasirisha, gusa barua isiyo yako. Kwake, barua ya mtu haifunguliwi, hata ikiwa imeletwa mlangoni kwako na imekaa wiki nzima. Adabu hiyo ndiyo nusura imtoe nyumbani.

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili na baraza la kushonea. Aliuziwa na mjane wa mwalimu, miaka sita iliyopita, kwa malipo ya polepole, mwisho wa kila mwezi, bila kukosa. Mjane alihamia kwa dada yake, mitaa mitatu mbele. Hati ikabaki na jina la marehemu mpaka malipo yaishe. Kila tarishi wa halmashauri alipoleta bahasha yenye jina la mwalimu, shangazi aliipangusa nyuzi, akaipeleka kwa mjane. Mjane alishukuru, akaipokea kwa mikono miwili.

Malipo yalipoisha, tukaenda kwenye dirisha la kodi kuomba cheti cha kutodaiwa, maana bila hicho hati haibadilishwi jina. Karani aliandika namba ya kiwanja, akatazama kompyuta yake, kisha akamtazama shangazi kwa huruma.

"Mama, hiki hakijalipiwa miaka tisa. Na riba imeshaipita kodi yenyewe."

"Lakini mimi nina miaka sita tu pale."

"Najua. Ila sisi hatumdai mtu, tunadai kiwanja. Hiyo mitatu utaongea na aliyekuuzia. Usipolipa, kesi inaenda mahakamani, na kinaweza kupigwa mnada."

Njiani shangazi alitembea mbio mpaka akaniacha nyuma. Alikuwa ameamini mjane analipa, kwa kuwa bahasha zina jina la mumewe. Mkataba wao, kwa kuwa waliuandika wenyewe mezani, haukutaja kodi hata mstari mmoja. Kufika kona ya duka la vitambaa, akafoka, "Huyu mama leo atanieleza." Nami nilimwogopea yule bibi.

Mjane alitukaribisha, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha zote, zimefungwa kwa utepe wa nywele. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Nilijua wewe unalipa, mwanangu, kwa kuwa unakaa pale," alisema. "Zamani kodi alilipa marehemu mwenyewe, na hizi nilidhani ni salamu tu za ofisini. Sikuweza kuzifungua. Watu wote waliacha kumwandikia. Hawa ndio waliobaki."

Hasira ya shangazi iliisha palepale. Alikaa chini mkekani, akauliza kama anaruhusiwa kusoma. Mjane akaitikia kwa kichwa.

Basi akasoma, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya upole, kama anayemsomea mgonjwa. *Unakumbushwa kulipa. Unakumbushwa tena. Ilani ya mwisho.* Kila lilipotajwa jina la mwalimu, mjane alifunga macho, kama mtu anayesikia kiti kikivutwa na aliyemzoea. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Katika bahasha ya mwezi ule ndimo tulimoona ahueni: atakayelipa kodi yote kwa mkupuo kabla ya mwisho wa mwezi atasamehewa riba. Zilibaki siku kumi na moja.

Dawa ya deni kulipa. Mjane alisema miaka mitatu ni yake, na akailipia kwa pesa alizolipwa na shangazi mwenyewe. Shangazi alibeba sita. Aliuza cherehani yake ya pili, ile ya umeme aliyokuwa akiisifia kuliko wapwa zake. Siku ya tisa tulikuwa dirishani, mjane akiwa na cheti cha kifo na karatasi ya mahakama inayomfanya msimamizi wa mirathi.

Karani alipokea malipo, akagonga mhuri, akafuta riba. Akatoa cheti, tukakipeleka ofisi ya ardhi kwa ajili ya hati. Tuliporudi na hati mpya alasiri nyingine, karani alifungua daftari la kodi, akamgeukia mjane.

"Bibi, nikibadilisha hapa, bili zote zitakwenda kwa jina la fundi. Jina la mzee halitatumika tena. Niendelee?"

Shangazi alimshika mjane mkono, akamwambia, "Mama, tunaweza kuacha hili kwa leo. Mimi sina haraka."

Alikuwa anadanganya. Alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka sita.

Mjane alitazama jina la mumewe daftarini, akiwa ameegemea dirisha.

"Badilisha tu, mwanangu," alimwambia karani. "Barua zake zote zimeshasomwa."